Jirani anaegesha kwenye nafasi yangu: maswali ya wapangaji wa Dodoma kuhusu maegesho yenye namba

Ninapanga Ilazo, kwenye jengo la nyumba nane zenye geti moja na uwanja mmoja. Kwa muda mrefu nilikuwa nikirudi kazini saa kumi na mbili na nusu jioni nakuta Prado ya jirani imekaa chini ya mwarobaini, mahali nilipoonyeshwa siku ninahamia. Siku nyingine nililala na wasiwasi, gari langu likiwa nje ya geti. Baadaye wapangaji wenzangu walinichagua niwasemee kwa mwenye nyumba, na tangu hapo naulizwa maswali haya na watu wa Kisasa, Nzuguni, Area D na kwingineko. Majibu yangu yanahusu nyumba za kupanga zenye uwanja wa pamoja ndani ya uzio. Nafasi za kulipia kandokando ya barabara za mjini ni jambo jingine.

Dalali alinionyesha nafasi kwa kidole. Je, ni yangu?

Fungua mkataba wako kwanza, usome neno kwa neno. Mikataba mingi ya hapa Dodoma haigusi maegesho kabisa, au inasema tu "pamoja na maegesho ya gari moja". Sentensi hiyo inakupa haki ya kuegesha gari moja ndani ya uwanja, lakini haikupi pale chini ya mti. Wa kwangu ulikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba mahali pale ni pangu kwa kuwa dalali alipaonyesha na nimepatumia miezi minane, kumbe kwenye karatasi hapakuwa na kitu.

Hilo halimaanishi kwamba huna hoja. Maana yake ni kwamba hoja yako ibadilike kidogo. Ukimwambia mwenye nyumba "jirani ameniibia nafasi", atakuuliza imeandikwa wapi. Ukimwambia "nalipia nyumba yenye maegesho ya gari moja, na mara tisa mwezi huu nimekosa pa kuegesha", hapo unadai kitu alichokiahidi yeye mwenyewe kwa maandishi.

Ikiwa mkataba unataja namba ya nafasi, au una mchoro uliosainiwa, wewe uko pazuri zaidi. Toa kopi ya ukurasa huo uiweke tayari.

Nianze na jirani au niende moja kwa moja kwa mwenye nyumba?

Anza na jirani, mara moja, uso kwa uso, na usiende ukiwa umetoka tu kukuta gari lake. Nenda Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wametulia. Mimi nilikwenda nikamwambia: "Shikamoo mzee. Samahani kwa usumbufu, nilikuwa naomba tuongee kuhusu pale ninapoegesha." Akaniitikia vizuri, akanikaribisha kiti, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Mbona msimamizi ndiye aliyeniambia niweke pale? Alisema nyumba namba 3 unasafiri sana."

Hilo ndilo la kuchunguza kabla ya lolote. Mara nyingi jirani hajavamia. Nafasi imegawiwa mara mbili, dalali kampa huyu na msimamizi kampa yule. Muulize jirani kwa upole nani alimwonyesha na lini. Jibu lake linabadilisha mzigo wote, kwa sababu kama msimamizi alimpa, kosa ni la upande wa mwenye nyumba na ndiye anayepaswa kulirekebisha. Usimwandikie jirani kama mkorofi wakati yeye alifuata alichoambiwa.

Nikusanye ushahidi gani?

Daftari na simu vinatosha. Kila inapotokea andika tarehe, saa uliyofika, namba za gari lililokuwapo, wewe uliegesha wapi, na gari lile liliondoka lini kama ulijua. Piga picha moja inayoonyesha namba za gari pamoja na kitu kisichohama, kama mlango, nguzo, mti au simtanki. Picha ya namba za gari peke yake haionyeshi gari lilikuwa wapi.

Usiandike matusi wala dhana kwenye daftari hilo. Na picha usizitupe kwenye grupu la wasapu la jengo. Nimeona ugomvi wa nafasi moja ukageuka ugomvi wa familia mbili kwa sababu ya picha iliyorushwa saa nne usiku na maneno makali chini yake.

Daftari lina faida nyingine ambayo mimi niliigundua kwa kuchelewa. Nilipoandika siku 23, matukio yalikuwa tisa, na saba kati ya hayo yalikuwa jioni ya Ijumaa au Jumamosi. Nikajiuliza kwa nini. Kumbe jirani ana gari lake na pikapu ya ofisi. Wiki nzima pikapu iko vijijini kikazi, Ijumaa inarudi nayo inalala nyumbani. Pikapu inakaa kwenye nafasi yake, Prado inakosa mahali, inasogea kwangu. Shida yetu ilikuwa gari la ziada lisilo na mahali, na kumkaripia mtu kusingeliondoa uwanjani.

Barua kwa mwenye nyumba iandikweje?

Iwe fupi, iwe na maombi machache yanayotekelezeka, na kopi ibaki kwako. Hata kama mnawasiliana kwa simu kila siku, andika. Mwenye nyumba wetu anaishi Dar es Salaam, kwa hiyo nilimpa msimamizi barua, akasaini kwenye kopi yangu na kuweka tarehe ya kuipokea, kisha nikampigia mwenye nyumba picha ya barua hiyo na kumtumia. Hii ndiyo niliyoandika, nikiondoa majina tu:

> Ndugu Mwenye Nyumba,
>
> YAH: MAEGESHO YA NYUMBA NAMBA 3 NA OMBI LA KUCHORA NAFASI ZENYE NAMBA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mkataba wangu, kifungu cha 4, unanipa maegesho ya gari moja ndani ya uwanja. Nilipohamia nilionyeshwa nafasi iliyo chini ya mwarobaini. Katika siku 23 zilizopita nimeikuta nafasi hiyo ina gari la nyumba namba 6 mara tisa, na mara nne kati ya hizo nimelazimika kuegesha nje ya geti usiku. Orodha ya tarehe na picha nimeiambatisha.
>
> Nimezungumza na jirani yangu. Ameeleza kwamba alielekezwa hapo na msimamizi. Sina ugomvi naye.
>
> Naomba: (1) nafasi zote zipimwe, zichorwe na kuwekewa namba za nyumba, (2) kila mpangaji apewe nyongeza ya mkataba ya ukurasa mmoja inayotaja namba yake, (3) uwepo utaratibu wa gari la pili na la mgeni. Naomba jibu ndani ya siku 14.
>
> Wako katika ujenzi wa amani ya jengo letu,
> Mpangaji, nyumba namba 3

Sentensi ya "sina ugomvi naye" iache kama ni kweli. Kwetu ndiyo iliyomfanya mwenye nyumba aache kufikiri anavutwa kwenye kesi ya majirani, akaona ni kazi ya nyumba yake. Na ukiweza, pata sahihi za wapangaji wengine. Barua ya watu watano wanaoomba mistari haina uzito sawa na malalamiko ya mmoja.

Mwenye nyumba anasema "elewaneni wenyewe". Sheria inasemaje?

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inaweka ndani ya upangaji ahadi ya mwenye nyumba kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti atatumia alichopangishwa kwa amani, bila kuingiliwa na mwenye nyumba au mtu anayedai haki kupitia kwake. Soma maneno ya mwisho kwa makini. Kama jirani anaegesha kwako kwa sababu mwenye nyumba au msimamizi wake alimruhusu, ahadi hiyo inamgusa mwenye nyumba moja kwa moja. Kama jirani ameamua tu kwa ubabe wake, bila ruhusa ya yeyote, hoja hiyo inapungua nguvu, nawe unabaki kutegemea kilichoandikwa kwenye mkataba wako na kwenye kanuni za jengo.

Ndiyo maana nasisitiza lile swali la "nani alikuonyesha hapa?" Kwa hiyo jibu lako kwa "elewaneni" liwe hili: sisi wapangaji hatuna mamlaka ya kugawana uwanja wako, hata tukielewana leo, kesho ataingia mpangaji mpya ambaye hatufungwi naye na chochote.

Nizuie kodi mpaka achore mistari?

Usifanye hivyo. Ahadi niliyoitaja inamlinda mpangaji anayelipa. Ukiacha kulipa, wewe ndiye unayekuwa umevunja mkataba.

Nikimzibia njia, au nikitoa upepo kwenye tairi, je?

Hapana, hata kama umechoka kiasi gani. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa la jinai, na hapo mlalamikaji wa maegesho anageuka mtuhumiwa. Kumzibia njia nako kuna hatari yake: siku anapohitaji kumkimbiza mtoto hospitali usiku, gari lako ndilo litakalokuwa limemzuia. Wala usiite bredauni livute gari la mtu ndani ya uwanja usio wako.

Nafasi moja iwe na ukubwa gani, na tutajuaje kama zinatosha?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanachora kwa macho. Kipimo cha kawaida kinachofanya kazi ni upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5, na mbele yake uwanja wa mita 6 wa kurudisha gari nyuma na kugeuza. Nafasi iliyobanwa na ukuta upande mmoja iongezewe kama sentimita 30, la sivyo mlango haufunguki vizuri. Nafasi ya kuegesha sambamba na ukuta, yaani gari likilala kwa ubavu, inahitaji urefu wa mita 6 hivi ili dereva aweze kuingia.

Sisi tulipima kwa futi kamba ya fundi, Jumapili moja asubuhi uwanja ukiwa mtupu. Ukuta wa nyuma ulikuwa mita 21. Kona moja ina msingi wa simtanki unaokula mita 1.8, zikabaki 19.2. Nafasi saba za mita 2.5 ni mita 17.5. Tukaongeza sentimita 30 kwenye kila mwisho, ikawa 18.1. Ikabaki mita 1.1, tukaiacha kuwa njia ya kwenda kwenye bomba, maana akina mama walikuwa wanajipenyeza na ndoo kati ya magari. Kina cha uwanja ni mita 12, kwa hiyo mita 5 za gari na 6 za kugeuzia zilienea. Nafasi ya nane tuliipata ubavuni mwa jengo, kwenye kichochoro chenye upana wa mita 3.2, gari likiegeshwa sambamba na ukuta.

Kabla ya hapo yalikuwa yanaingia magari sita, na wote tuliamini uwanja ni mdogo. Kila mtu alikuwa anaacha nafasi ya kufungua milango yote miwili wazi kabisa, na mmoja alikuwa anaegesha kwa mshazari. Jinsi ya kujua kama na kwenu ni hivyo ni rahisi: pima mapengo kati ya magari saa mbili usiku, yote yakiwa yamerudi. Ukikuta mapengo ya mita moja na nusu, basi mnapoteza nafasi kwa kukosa mistari.

Nani apate kivuli?

Swali hili linaonekana dogo kwa asiyejua jua la Dodoma. Kwetu mwarobaini unafunika nafasi mbili tu, zingine zinawaka kuanzia saa tano. Kwa kuwa mkataba wa mtu yeyote haukutaja mahali, tulipiga kura ya vikaratasi mbele ya msimamizi, kisha namba ya nyumba ikaandikwa kwenye nafasi iliyomwangukia mtu. Mimi nilitoka na nafasi iliyo juani, jirani na simtanki. Iliniuma, lakini kuanzia siku hiyo nimekuwa na uhakika wa mahali pa kulaza gari, na hilo ndilo nililokuwa nimeliomba. Kama mkataba wa mmoja wenu unataja nafasi fulani, huyo asiingizwe kwenye kura bila ridhaa yake ya maandishi.

Rangi inabanduka baada ya wiki chache. Tunakosea wapi?

Karibu kila mara kosa ni vumbi. Vumbi letu jekundu linajaza vinyweleo vya pevu, na rangi ikipakwa juu yake inashika vumbi, haishiki tofali. Fundi wetu wa kwanza alifagia tu akapaka. Mistari ilianza kutoka magamba mwezi huohuo. Fundi wa pili alifagia, akasugua kwa maji na brashi ngumu, akaacha pakauke siku nzima, akarudi alfajiri kabla upepo haujaanza. Alivuta uzi kutoka ukutani, akabandika utepe wa gundi pande zote mbili, akapaka mkono wa kwanza, akasubiri ukauke, akarudia. Mstari una upana wa sentimita 10. Magari yalikaa nje hadi kesho yake. Omba rangi ya kuchorea barabara, si ya kupakia madirisha, na panga kazi hiyo kiangazi. Ukisubiri Desemba mvua itakuwa imeanza.

Kama uwanja ni wa changarawe au udongo mtupu, usipoteze fedha kwa rangi ya chini. Weka kizuizi cha zege cha kusimamishia tairi mbele ya kila nafasi, na namba kubwa kwenye ukuta, juu ya kimo cha gari, ili ionekane hata gari likiwa limeshaingia. Jambo hili la namba ya ukutani linafaa hata kwenye pevu, kwa sababu namba ya chini inafunikwa na gari lenyewe.

Andikeni namba ya nyumba, si namba za gari. Magari yanauzwa, namba za nyumba zinabaki.

Gari la pili na wageni tufanyeje?

Kanuni yetu ni gari moja kwa nyumba moja. Nyumba namba 8 hana gari, na nafasi yake ndiyo ile ya kichochoroni. Alikubali kwa maandishi itumike kwa wageni na magari ya ziada, na siku atakaponunua gari atairudisha kwake kwa taarifa ya siku 30. Kutokuwa na gari hakumpotezei haki yake. Anayetaka kulaza gari la pili anamwambia mlinzi kabla ya saa kumi na mbili jioni, anaandikwa kwenye daftari la getini, wa kwanza ndiye anayepewa. Ijumaa nyingi huwa ni ile Prado.

Kipindi kigumu ni kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti likiwa linaendelea. Wageni wanafikia kwa ndugu, na kila mmoja anakuja na gari. Miezi hiyo tunamwomba mwenye mgeni atafute kabla mahali pa kulaza gari panapolindwa, badala ya kugundua saa tatu usiku kwamba nafasi ya mgeni imeshachukuliwa.

Serikali ya mtaa au baraza wanaweza kusaidia?

Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwaita na kuwakalisha, na mara nyingi inatosha, hasa pale mwenye nyumba hajibu barua. Nenda na kopi ya barua yenye sahihi ya kupokelewa. Ikishindikana, liko Baraza la Kata. Fahamu kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi ya baraza hilo kwenye migogoro ya ardhi ni kusuluhisha tu, halitoi hukumu. Suluhu ikishindikana ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa nafasi ya gari moja, mimi ningefika huko ikiwa tu mkataba wangu unaitaja nafasi hiyo kwa namba. Bila hivyo utatumia miezi kudai kitu ambacho karatasi yako haikionyeshi.

Mistari imechorwa, bado anaegesha kwangu. Sasa?

Sasa una kitu ambacho hukuwa nacho mwanzo. Usimpigie jirani, mpigie msimamizi, umwambie "nafasi namba 3 ina gari lisilo langu", yeye ndiye aende kugonga mlango. Hakikisha nyongeza ya mkataba imesainiwa na wapangaji wote, akiwemo huyo, na ina sentensi inayosema mpangaji haruhusiwi kuegesha kwenye namba isiyo yake. Akirudia, mwenye nyumba anamwandikia yeye kwa kuvunja mkataba wake mwenyewe, nawe hujatajwa.

Kwetu ilitokea mara mbili tangu mistari ichorwe. Mara ya pili ilikuwa usiku wa mvua, kichochoro kimejaa maji. Mzee alishuka mwenyewe na mwavuli kabla msimamizi hajafika, akasema, "Samahani mwanangu, nilijua umesafiri," akaitoa Prado, akanisimamia na tochi mpaka nikaingia katikati ya mistari.